Mashine ya Kadi Ibaki au Irudi Benki? Mjadala wa Duka la Leso

Duka ni dogo, liko Biashara Street, Mombasa, na linauza leso, vikoi na mitandio. Kwa miaka kadhaa limekuwa likipokea pesa kwa tili ya Lipa na M-Pesa. Halafu benki ikaleta mashine ya kadi, ikaiweka juu ya meza, ikamfundisha mpwa wa mwenye duka jinsi ya kuitumia, na ikaondoka. Sasa mwenye duka anataka kuirudisha. Mpwa hataki kusikia.

Tuliwakusanya watu wanne waseme. Bi Mkubwa ndiye mwenye duka. Mpwa ndiye anayeshika mashine. Mhasibu anaandika vitabu vya maduka kadhaa ya mjini, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi benki, upande unaohudumia wafanyabiashara wenye mashine. Wa nne ni mzee anayeuza vipuri vya magari Mwembe Tayari, ambaye hakuwahi kuwa na mashine, lakini alisema ana neno.

BI MKUBWA: Mimi hoja yangu ni moja. Doti ya leso nainunua 850, naiuza 1,000. Benki inachukua asilimia mbili na nusu, yaani 25. Wao wanasema ni kidogo. Kidogo kwa nani? Mimi sili elfu, nakula 150. Wakichukua 25 hapo, wamechukua sehemu moja katika sita ya riziki yangu, na leso hawakuibeba wala hawakuikunja.

MPWA: Lakini shangazi, tili ni bure na bado unalalamika.

MHASIBU: Tili ni bure kwa mnunuzi. Kwa shangazi yako si bure. Mauzo ya shilingi 200 kwenda chini hayakatwi kitu. Yakizidi hapo, Safaricom inakata asilimia 0.55 kutoka kwa mwenye duka, na haizidishi shilingi 200 kwa muamala mmoja hata uwe mkubwa vipi. Doti moja ya elfu inamgharimu shilingi tano na senti hamsini. Hazioni kwa sababu ni ndogo, lakini zipo.

MPWA: Basi mteja akilipa mia mbili mbili mara tano, hatukatwi kitu!

BI MKUBWA: Na foleni nyuma yake nitaipa chai?

Mpwa alicheka, ila hesabu yake haikuwa na kosa. Lililomponyoka ni ule ukomo wa shilingi 200, na hapo ndipo tili na kadi zinapoachana kabisa. Bi Mkubwa akiuza mtandio wa 300, tofauti ya makato ni shilingi sita hivi. Akimuuzia mwenye hoteli vikoi vya 100,000 kwa mpigo mmoja, tili itakata 200 na kadi itakata 2,500, maana asilimia ya kadi haina dari. Wengi wanaamini kwamba kadi imeumbiwa mauzo makubwa na simu ni ya vitu vidogo. Kwa mfuko wa mwenye duka ni kinyume chake, mradi malipo hayapiti 250,000, kiwango cha juu cha M-Pesa kwa muamala mmoja tangu 2023.

MZEE WA VIPURI: Samahanini. Mimi naona mnazunguka. Mashine hiyo si ndiyo wanayotaka KRA? Mimi walinijia, wakaniambia lazima niwe nayo, risiti ziende kwao moja kwa moja. Mama, ukiirudisha watakufungia duka.

MHASIBU: Hapana, mzee wangu. Hiyo uliyoambiwa ni ya risiti za kodi. Hii ya benki inapokea pesa tu, haipeleki risiti kwa KRA.

MZEE WA VIPURI: Kwa hivyo KRA hawaoni?

MHASIBU: Sikusema hivyo. Mashine haiwapelekei, lakini wakikukagua wanaweza kutaka taarifa ya akaunti yako ya benki na ya tili. Na kwa kuwa umegusa kodi, kuna jambo nataka Bi Mkubwa alisikie. Wewe unalipa ile kodi ya mauzo ya asilimia tatu, sivyo?

BI MKUBWA: Ndiyo, kabla ya tarehe ishirini.

MHASIBU: Unaandika kiasi gani, kile ulichouza au kile benki ilichokuingizia?

BI MKUBWA: Kilichoingia. Si ndiyo pesa yangu?

MHASIBU: Hapo umekosea, na wengi hukosea hapo. Kodi hiyo ni ya mauzo ghafi, haijali gharama. Umeuza elfu, benki imeweka 975, kodi yako ni 30, asilimia tatu ya elfu nzima. Makato ya benki hayakupunguzii hata senti. Na vitabu vyako vikifuata kilichoingia, siku ya ukaguzi karatasi za mashine zitasema jumla moja na daftari lako litasema nyingine.

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa alichokihofia siku zote, akasema ndiyo maana yeye anapenda noti. Tulimwachia. Wako wafanyabiashara wengi wanaofikiri kama yeye, na si wote wana nia ya kukwepa kodi. Wengine wamechoka tu kuonekana kila upande.

Tukarudi kwenye swali letu. Nilidhani Bi Mkubwa ataendelea na yale makato, lakini alitoa jambo lililobadilisha mazungumzo yote.

BI MKUBWA: Hizo ishirini na tano ningezivumilia. Kilichonichosha ni Pasaka.

Alitusimulia. Wiki ya Pasaka Mombasa hujaa wageni kutoka Nairobi, na mwaka huo alikuwa pia na wageni wa nje: Wazungu wachache wa hoteli, na familia moja iliyotoka Maskati kuja kutembelea jamaa zao. Kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumapili, mashine ilipokea 60,000. Kila siku usiku mpwa aliifunga kama alivyofundishwa, ikatoa karatasi ya jumla, kila kitu sawa. Jumatatu asubuhi muuzaji wa jumla akampigia simu: ana robota la leso za mtindo mpya, doti 70, kwa 800 badala ya 850 kwa atakayelipa siku hiyo hiyo. Shilingi 56,000. Kwenye droo Bi Mkubwa alikuwa na 21,000. Akafungua akaunti ya benki kwenye simu. Hamna kitu.

MPWA: Pesa ilikuwepo. Mashine iliandika APPROVED kila mara, karatasi ninazo.

MHASIBU: APPROVED si pesa, mwanangu. Ni ahadi. Benki ya mwenye kadi imekubali kwamba mteja wake ana uwezo na itamkata. Mauzo hukaa ndani ya mashine mpaka uifunge, hapo ndipo orodha yake inapokwenda benki yenu ikashughulikiwe kupitia mtandao wa kadi. Kuna mashine zinazojifunga zenyewe usiku na kuna zinazotaka mkono wa mtu. Ukisahau, mauzo ya siku hiyo hayajaenda popote. Ninyi mlifunga vizuri. Lakini mkataba wenu unasema mtalipwa lini?

MPWA: Siku inayofuata.

MHASIBU: Siku ya kazi inayofuata. Ijumaa Kuu benki zimefungwa, na Jumatatu ya Pasaka pia. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Mauzo ya Alhamisi jioni na ya Jumapili usiku yalikutana kwenye mlango mmoja, Jumanne.

BI MKUBWA: Jumanne robota lilikuwa limekwenda. Nikanunua hizo hizo doti 70 kwa 850.

Hapa mhasibu aliomba kalamu. Doti 70 kwa nyongeza ya 50 ni 3,500. Makato ya benki kwa zile 60,000 yalikuwa 1,500. Yaani kungoja kulimla Bi Mkubwa zaidi ya mara mbili ya ile ada anayoilalamikia kila siku, na kungoja hakuandikwi kwenye karatasi yoyote. Mtu akilinganisha mashine na tili kwa asilimia peke yake, hili halioni kabisa. Duka lenye akiba ya miezi miwili halitalihisi. Duka linalonunua Jumatatu kwa pesa iliyouzwa Jumamosi litalihisi kila sikukuu.

MZEE WA VIPURI: Basi ningekuwa mimi ningeongeza juu. Anayetaka kadi alipe asilimia tano zaidi. Wapo wanaofanya hivyo, nimewaona.

MPWA: Hilo nakubaliana na mzee.

MHASIBU: Wapo, kweli. Lakini mikataba mingi ya kadi inakataza, na mteja akilalamika kwa benki yake, anayebanwa ni mwenye duka. Halafu asilimia tano wakati unakatwa mbili na nusu? Hapo hufidii gharama, unachuma juu ya mgeni.

BI MKUBWA: Na mgeni akiambiwa bei mbili anaondoka na kukusema hotelini.

Hawakuelewana hapa. Mzee aliona mnunuzi ndiye anayetaka starehe ya kadi, kwa nini asiilipie? Mhasibu akarudia kwamba mkataba ni mkataba. Mimi naona njia ya tatu ipo na wauzaji wa Mombasa wanaijua vizuri: bei ya leso haijapata kuwa moja, na anayelipa kwa njia nafuu hupunguziwa bila kutangaziwa. Kama mkataba unaruhusu hata hilo, itabidi mtu ausome.

Swali lililobaki lilikuwa hili: zile 60,000 za Pasaka zingepatikana bila mashine?

MPWA: Hapana! Watu wa Nairobi wanalipa kadi. Nawaona wakiitoa.

BI MKUBWA: Wanaitoa kwa sababu wewe unawasogezea mashine kabla hawajasema neno.

Mhasibu akamwomba mpwa atoe zile karatasi. Kadi za nje zilikuwa za 24,000. Zilizobaki, 36,000, zilikuwa za wageni wa Nairobi, na hatukupata hata mmoja wetu aliyeamini kwamba mtu wa Nairobi anaweza kuja Mombasa bila M-Pesa. Tena tangu 2022 hata mwenye laini ya Airtel anaweza kulipa kwenye tili ya Safaricom.

MHASIBU: Sasa tazama, Bi Mkubwa. Wale wa 24,000 bila mashine wangeondoka. Faida yako kwao ni kama 3,600, toa makato 600, umebaki na 3,000. Hiyo mashine imekuletea, usiidhulumu. Wale wa 36,000 wangelipa kwa tili. Kwa kadi walikugharimu 900, kwa tili wangekugharimu kama 200. Lakini hiyo 700 si kitu. Kitu ni kwamba 36,000 zingekuwa kwenye tili yako Jumapili usiku. Jumatatu ungezijumlisha na zile 21,000 za droo, ukamlipa muuzaji wako kwenye tili yake, na robota lingekuwa lako.

BI MKUBWA: Kwa hivyo tatizo si mashine.

MHASIBU: Tatizo ni nani anayepewa.

Mpwa alinyamaza kidogo, kisha akajitetea, na sehemu ya utetezi wake ilikuwa na uzito. Alisema tili nayo ina balaa lake, akamgeukia mzee.

MZEE WA VIPURI: Haya, hilo ndilo neno nililokuja nalo. Juni mwaka wa 2025 alikuja kijana, akachukua altaneta ya 6,500. Akanionyesha meseji kwenye simu yake, jina la duka langu, kiasi, kila kitu. Yangu ilikuwa haijaingia, akasema mtandao uko chini. Nikampa. Mpaka leo naingoja.

MHASIBU: Ulipiga picha ile meseji?

Alikuwa nayo. Mhasibu akaitazama mara moja akacheka kwa huzuni. Namba ya muamala ilianza na SL. Wanaoshughulika na miamala hii wanajua kwamba herufi tatu za mwanzo hubeba tarehe. Ya kwanza ni mwaka: R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi kwa mpangilio wa alfabeti, A ikiwa Januari na L Desemba. Ya tatu ni siku, moja hadi tisa kwa tarakimu, kisha A kwa tarehe kumi na kuendelea. Malipo ya tarehe 5 Oktoba 2025 huanza na TJ5. Meseji ya yule kijana ilikuwa ya Desemba 2024, imebadilishwa kiasi na jina.

MZEE WA VIPURI: Kumbe ningeijua papo hapo!

MHASIBU: Ile ungeijua. Lakini usijifunge na hilo, mzee wangu, maana mjanja akijua kanuni hii ataandika herufi sahihi. Herufi zinaweza kumkamata mwongo, haziwezi kumthibitisha mkweli. Malipo yameingia pale simu ya duka inapopata ujumbe kutoka MPESA, au unapopiga *234# ukaona salio la tili limepanda. Simu ya mteja si yako, usiisome.

MPWA: Ndiyo ninachosema. Kadi haina uongo huo. Mashine ni yetu, karatasi ni yetu.

BI MKUBWA: Na yule bibi wa Maskati je?

Kumbe kulikuwa na kisa. Mtandao wa mashine ulikatika katikati ya malipo ya 7,000. Karatasi haikutoka. Yule bibi akapata ujumbe wa benki yake kwamba amekatwa. Mpwa akaona duka halina kitu, akamwomba aingize kadi tena. Mara ya pili ikapita. Jioni bibi akarudi na mwanawe, amekatwa mara mbili, sauti zikapanda.

MHASIBU: Ulifungua orodha ya mauzo ndani ya mashine kabla ya kurudia?

MPWA: Sikujua kama ipo.

MHASIBU: Ipo. Unachapisha orodha ya mauzo ya siku. Malipo ya kwanza yakiwemo, umelipwa, usirudie, chapisha tena risiti umpe. Yasipokuwemo, hukulipwa, na ile pesa iliyozuiliwa kwa mteja itarejeshwa na benki yake, ila huchukua siku, si dakika. Hapo unamweleza kabla hujagusa kadi yake mara ya pili, na unamwandikia saa na kiasi. Na hizo karatasi zitunze. Mwenye kadi ana miezi kadhaa ya kupinga malipo akiwa kwao. Kadi iliyosomwa kwa chipu na kuthibitishwa kwa namba ya siri ina ulinzi mzuri kwako. Ile ambayo mtu amekutajia namba kwa simu ukaibonyeza kwa mkono, ikipingwa ni yako wewe.

BI MKUBWA: Karatasi zenyewe zinafutika. Baada ya Ramadhani mbili ni nyeupe.

MHASIBU: Zipige picha.

Ilibaki kodi ya mashine yenyewe, 1,000 kwa mwezi, itumike isitumike. Bi Mkubwa alisema Mei na Juni, mvua ikiwa imeshika na mahoteli yako matupu, mashine inakaa mezani ikila tu. Mpwa akasema si kweli, hata Mei wapo. Mhasibu akawapigia hesabu: katika kila elfu ya mteja asiye na njia nyingine, baada ya makato, duka linabaki na 125. Ili kufidia kodi ya mwezi, mashine inahitaji mauzo ya 8,000 kutoka kwa wateja wa aina hiyo peke yao. Wenye M-Pesa waliolipa kwa kadi hawahesabiwi, kwa sababu wangelipa hata hivyo.

Je, Mei iliyopita zilifika 8,000? Mpwa alisema zilipita. Bi Mkubwa alisema hazikufika hata nusu. Karatasi za Mei hazikuwepo.

BI MKUBWA: Basi kuanzia kesho, mteja anaulizwa kwanza kama ana M-Pesa. Mashine inakaa chini ya meza. Ikitoka, unaandika kwenye daftari ni kwa nani. Mei ikiwa chini ya elfu nane, inarudi.

MPWA: Na Agosti wageni wakija, shangazi?

BI MKUBWA: Agosti utakwenda wewe benki kuiomba.

MHASIBU: Kabla ya kuirudisha, tazameni mkataba unataka notisi ya muda gani.

Waliangaliana. Mkataba, ikasemekana, uko nyumbani Kisauni, ndani ya bahasha yake, na mpwa aliusaini yeye siku ile mashine ilipoletwa.